Kurudisha imani ya mbia wako baada ya ugomvi wa fedha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kazi yangu hapa Moshi ni kutunza vitabu vya hesabu vya biashara ndogo, na mara nyingi wabia wawili wananijia wakati tayari hawasemeshani. Maswali yaliyo hapa chini huwa yanatoka kwa mmoja wao tu, yule anayejua moyoni kwamba ana sehemu yake katika ugomvi na bado anataka biashara iendelee. Nimewaandikia watu wa namna hiyo.

Majibu nitayaegemeza kwenye mfano mmoja. Nimeutunga, lakini anayeyajua maduka ya vifaa vya ujenzi hataona jambo geni ndani yake. Kijana mmoja na dada muuguzi waliweka mtaji sawa, shilingi 12,000,000 kila mmoja, wakafungua duka upande wa Majengo. Kijana anakaa dukani na kuchukua posho ya 300,000 kwa mwezi. Dada anakuja Jumamosi. Faida ni nusu kwa nusu, na yote hayo waliyakubaliana kwa mdomo. Januari kijana akatoa fedha za duka kulipa ada ya mtoto bila kumwambia dada. Kabla ya hapo alikuwa amempa shemeji yake saruji kwa mkopo, na fedha ndogondogo zilikuwa zikitoka kwenye droo bila kuandikwa. Dada naye aliahidi kuongeza 3,000,000 za mzigo wa Desemba, wakati watu wanaporudi nyumbani na kukarabati nyumba zao, lakini hakuzileta wala hakusema kwamba hazitakuja. Jumamosi moja ya Februari akaingia ghalani, akaona pamepwaya, akamwita kijana mwizi mbele ya mafundi waliokuwa wakinunua misumari. Jumatatu akampigia msambazaji akamwambia asitoe mzigo wowote. Tangu hapo kimya.

Hapokei simu zangu. Nianzie wapi?

Anzia ghalani. Najua mkono unataka kushika simu na kuomba msamaha usiku huohuo, lakini msamaha unaoombwa kabla ya kuhesabu una hatari moja kubwa: utakiri unachokikumbuka tu. Wiki mbili baadaye kitajitokeza kingine, utakiri tena. Kisha cha tatu. Nimeona ubia ukivunjika kwa kiasi kidogo sana kilichojitokeza mara ya tatu, wakati kiasi kikubwa cha mara ya kwanza kilikuwa kimesamehewa. Mtu anaweza kumeza hasara kubwa akijua mwisho wake uko wapi. Asichoweza kumeza ni kukaa akisubiri kingine.

Kwa hiyo mtumie ujumbe mmoja mfupi: kwamba unahesabu duka lote, na utamletea hesabu siku fulani. Taja siku na uitimize. Usiandike zaidi ya hapo kwa sasa.

Kuhesabu kwenyewe kunafanyikaje? Hatujawahi kuhesabu mali tangu tufungue.

Wengi hawajawahi, na ndiyo maana ugomvi unakuwa wa maneno. Chukua tarehe ambayo wote wawili mnaikubali kuwa mambo yalikuwa sawa. Katika mfano wetu ni 1 Oktoba, siku waliyopokea mzigo pamoja na kuandika kila kitu. Kisha uhesabu mambo mawili, mali na fedha, kila moja peke yake.

Kwa upande wa mali, anza na bidhaa inayotembea kuliko zote. Hapa ni saruji. Tarehe 1 Oktoba kulikuwa na mifuko 85. Tangu siku hiyo imeingia mifuko 400 kwa hati za msambazaji. Kitabu cha mauzo kinaonyesha imeuzwa 372. Basi ghalani inapaswa kuwepo mifuko 113. Kijana anahesabu, anapata 47. Imepungua 66.

Sasa kila mfuko kati ya hiyo 66 unatakiwa upate maelezo. Shemeji alichukua 60. Minne iko palepale kwenye kona, lakini hakuihesabu kwa sababu imeganda: ilipangwa chini sakafuni ikiegemea ukuta, ikavuta unyevu, na ukiugonga mfuko unalia kama jiwe. Hiyo ni hasara ya duka. Imebaki mifuko 2 isiyo na maelezo. Hapo ndipo penye kishawishi. Kijana angeweza kuiingiza kwenye ile ya shemeji, hesabu ikafunga vizuri. Asifanye hivyo. Aandike "mifuko 2 haijulikani". Karatasi yenye mstari kama huo inaaminika kuliko iliyofunga barabara, kwa sababu yeyote aliyewahi kukaa dukani anajua kwamba hesabu ya miezi mitano bila mapengo ni ya kupikwa.

Kwa upande wa fedha njia ni ileile. Chukua fedha zilizokuwemo kwenye droo tarehe ileile ya kuanzia, ongeza mauzo yaliyoandikwa, toa matumizi yaliyoandikwa, toa zilizopelekwa benki na zilizoko kwenye Lipa Namba. Kinachobaki kinapaswa kuwemo kwenye droo. Kijana anakuta pungufu ya 1,920,000. Ada ilikuwa 1,500,000. Zilizobaki, 420,000, hawezi kuzikumbuka moja moja: nauli, vocha, chakula cha mchana, mchango wa msiba. Haimlazimu kubuni orodha. Inatosha aseme kwamba zilipita mkononi mwake na ni zake kulipa.

Piga picha ghala, kurasa za kitabu na hati za mizigo siku hiyohiyo. Na kabla hujaanza kuhesabu, mwalike mbia wako ahudhurie au atume mtu anayemwamini. Asipokuja, umeshafungua mlango.

Lakini na yeye amekosa. Alinitukana mbele ya wateja. Mbona niombe msamaha peke yangu?

Hapa napenda nikae kidogo, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Katika mfano wetu dada ana makosa matatu ya wazi. Aliahidi fedha akanyamaza. Alimwita mwenzake mwizi hadharani. Alimzuia msambazaji bila kumwambia mbia wake, jambo lililoliacha duka bila nondo wakati mafundi wanaulizia. Hayo ni makosa ya kweli, na yamelipunguzia duka fedha kama zilivyopungua kwa ada ile.

Hata hivyo, usiyapeleke siku moja na ya kwako. Ukisema "nilichukua fedha, lakini na wewe hukuleta milioni tatu", masikio yake yatabaki na nusu ya pili tu, na atajibu hiyo. Utakuwa umekiri bila kusikika. Zaidi ya hapo, utakuwa umemwambia kwamba kosa lako lilitokana na lake, na si kweli. Ada haikulipwa kwa sababu mzigo wa Desemba ulikuwa mdogo.

Njia ninayowashauri watu ni kutenganisha siku. Siku ya kwanza ni ya sehemu yako, yote, bila "lakini". Mkutano wa pili, mnapopanga utaratibu mpya, ndipo unaposema: "Dada, na mimi kuna mambo mawili yaliniumiza, naomba niyaseme ili yasijirudie." Hapo unayasema kama mambo ya kuwekewa utaratibu: mtu akishindwa kuleta fedha aliyoahidi, aseme kabla ya tarehe, na hakuna anayezungumza na msambazaji kuhusu mwenzake bila mwenzake kujua. Mara nyingi, ukishamaliza sehemu yako kwa ukamilifu, mwenzako anaitaja ya kwake kabla hujaigusa. Si kila mara. Ila nimeliona mara nyingi kiasi cha kuliamini.

Matusi ya hadharani nayaweka kando, kwa sababu hayalipwi kwa fedha. Kama yalisemwa mbele ya mafundi, ni haki kuomba kwamba siku mtakapopatana, aje dukani siku ya biashara mkae pamoja kaunta. Mafundi watajionea wenyewe, bila tangazo lolote.

Niandike au nimwone uso kwa uso?

Vyote viwili, kwa mpangilio huo. Andika kwanza ili asome akiwa peke yake, apandwe na hasira akiwa peke yake, na arudie kusoma. Kisha muonane siku atakayoichagua yeye. Usitume ujumbe wa sauti: ukitetemeka utaonekana unaigiza, usipotetemeka utaonekana huna moyo, na hawezi kuutafuta ndani yake mstari wa fedha anaotaka kuukagua. Usimfuate kazini kwake, wala usiandike kwenye kundi la WhatsApp la familia au la kanisani.

Ujumbe wa kijana ungekuwa hivi:

"Dada, shikamoo. Nimehesabu duka lote kuanzia tarehe 1 Oktoba. Nimechukua fedha za duka 1,920,000 bila kukuambia. Kati ya hizo 1,500,000 nililipa ada ya mtoto Januari, na 420,000 nilizitoa kidogo kidogo kwa matumizi yangu. Pia nilimpa shemeji yangu saruji mifuko 60 kwa mkopo, kwa bei ya 18,000 ni 1,080,000. Jumla ni 3,000,000. Mifuko 4 imeganda na mifuko 2 sijui ilikokwenda. Desemba uliponiuliza mbona saruji inaisha haraka, nilikujibu kwamba inauzwa. Nilikudanganya. Naomba unisamehe kwa kuchukua na kwa kukudanganya. Picha za kitabu na ghala nimekutumia. Ukitaka mtu mwingine ahesabu upya, ghala liko wazi siku yoyote. Nina pendekezo la kurudisha, nitakuletea siku utakayosema wewe."

Angalia mambo mawili humo. Kwanza, uongo wa Desemba umetajwa kama ulivyosemwa. Watu wengi wanakiri fedha na kuuruka uongo, wakati mbia anayelala macho wazi hawazi ada, anawaza lile jibu alilopewa akaliamini. Mpaka umelitaja wewe mwenyewe, ataendelea kujiuliza ni majibu gani mengine aliyapokea hivyohivyo. Pili, hakuna sababu. Hajasema shule ilimfukuza mtoto, hajasema hali ilikuwa ngumu. Sababu zinaweza kuwa za kweli na nzito, na akiulizwa atazieleza. Zikitangulia, zinamlazimisha dada akuhurumie kabla hajamaliza kukasirika.

Na usiandike "kama nimekukosea". Umeshahesabu, unajua.

Kwetu kuna isale. Nikiipeleka si atalazimika kunisamehe?

Kwa wasiojua, isale ni ule mmea wa majani marefu unaopandwa kwenye mipaka ya vihamba huku mlimani. Kwa desturi ya Wachagga, mkosaji akipeleka jani lake anaomba msamaha kwa namna ambayo ni vigumu kuikataa. Desturi hii naiheshimu, na kwenye ugomvi wa ndugu nimeona inavyofungua milango iliyofungwa miaka.

Lakini katika biashara ipeleke baada ya hesabu, isiwe badala yake. Ukiipeleka kabla, unamweka mwenzako mahali ambapo kukataa ni aibu mbele ya wazee na kukubali ni kusamehe asichokijua. Atapokea, mtakunywa mbege, na Jumatatu atakuwa ghalani akihesabu mifuko kimyakimya. Na kama mbia wako si Mchagga, jani hilo huenda halimwambii lolote. Mwulize mtu wa kwao wanavyofanya.

Tumtafute msuluhishi?

Kama mnaweza kuongea bila kupandishiana sauti, hapana. Kila mtu wa tatu anapoingia, habari inapata mdomo mwingine wa kutokea, na wasambazaji wa mji huu wanajuana. Kama hamwezi, tafuteni mtu mmoja ambaye hana deni kwenu, hana undugu na upande mmoja tu, na anajua kusoma kitabu cha mauzo. Mzee wa busara asiyeelewa hesabu atawasihi mpatane na mtapatana, ila hatawasaidia kujua nani anamlipa nani.

Nimechukua 3,000,000. Je, namlipa mbia wangu 3,000,000?

Hapana. Kosa hili linafanyika sana, na linazaa ugomvi wa pili.

Fedha ulizichukua kutoka kwenye biashara, na biashara ni yenu wote wawili kwa nusu. Kwa hiyo kuna njia mbili zilizo sawa. Ya kwanza, unarudisha 3,000,000 zote ndani ya duka. Mali inakuwa kama ilivyokuwa, na kila mmoja anabaki na nusu yake. Ya pili, unampa yeye mkononi 1,500,000, ambayo ndiyo nusu yake katika kilichotoka. Ile nusu nyingine ulijichukulia ya kwako mwenyewe. Ukimpa yeye 3,000,000 mkononi, utakuwa umemlipa nusu yako pia.

Kama duka linaendelea, napendekeza njia ya kwanza, kwa sababu ghala lililopwaya halimnufaishi yeyote. Njia ya pili inafaa zaidi mnapoachana, au yeye akiwa na shida ya fedha taslimu. Chagueni moja na muiandike kwa jina lake, maana miezi mitatu baadaye mmoja atasema ilikuwa ya kwanza na mwingine ya pili.

Saruji ya shemeji ni deni la shemeji kwa duka, lakini uliitoa bila ruhusa na ukaficha, basi wewe ndiye unayesimama mbele. Shemeji akilipa, fedha zinaingia dukani na deni lako linapungua kwa kiasi hicho. Asipolipa, ni lako. Mifuko iliyoganda ni hasara ya wote. Ile 2 isiyojulikana nayo iwe ya wote, isipokuwa ukiona ni heri uibebe ili jambo lipite. Ni 36,000 tu. Haya yote yanategemea kwamba mnagawana sawa. Kama mlikubaliana mgao mwingine, tumieni huo.

Nipendekeze kulipaje?

Pendekeza kiasi ambacho hata mwezi mbaya hakitakushinda. Kijana mwenye posho ya 300,000 akiahidi kuiacha yote mpaka deni liishe, anaonekana mwungwana sana siku ya mkutano, na mwezi wa pili atarudi kwenye droo kwa sababu watoto wanakula. Awamu ya kwanza ikikosekana baada ya msamaha, ubia umekwisha. Sijaona unaonusurika hapo.

Tuseme amekopa kwenye VICOBA na kuuza mbuzi wake, akapata 900,000. Azirudishe dukani siku ya makubaliano, kabla ya kusaini. Zinabaki 2,100,000. Akikatwa 150,000 kila mwezi kwenye posho, zitakwisha kwa miezi 14. Inaonekana ndefu, ndiyo. Lakini aongeze kifungu kimoja: mgao wake wa faida ya Desemba unaingia kwenye deni kwanza. Faida ikiwa nzuri, muda unafupika wenyewe, na dada anaona kwamba kijana hajaikimbilia ile miezi 14.

Na kabla ya kukopa VICOBA, jumlisha marejesho ya huko na ile 150,000. Deni la kulipia deni limewarudisha wengi walikotoka.

Mbali na kulipa, nipendekeze utaratibu gani?

Kulipa kunarudisha fedha. Imani inarudi pale mwenzako anapoweza kuona mwenyewe bila kukuuliza. Pendekezo lako lijibu swali moja tu: atajuaje, akiwa kwenye zamu ya usiku hospitalini, kwamba leo mambo yako sawa?

Katika duka la namna hii mambo matatu yanatosha. La kwanza, fedha zipite mahali ambapo wote mnapaona. Lipa Namba inayoingiza kwenye simu ya mtu mmoja iwekwe kando, mauzo yaende kwenye akaunti ya benki ya duka, kutoa fedha kuhitaji saini mbili, na ujumbe wa kila muamala ufike kwenye simu zenu wote. Ziachwe fedha kidogo tu za matumizi ya siku, zenye daftari lake.

La pili, picha ya ukurasa wa mauzo itumwe kila jioni duka linapofungwa, hata siku ambayo mmeuza bomba moja. Isitumwe asubuhi ya kesho yake. Ukurasa wa jana unaotumwa leo unaacha usiku mzima wa kuuandika upya, na mwenzako anajua hivyo hata kama hasemi.

La tatu, mikopo. Hakuna anayetoa mali kwa mkopo juu ya kiasi fulani, tuseme 50,000, bila wote kukubali, na ndugu wa kila upande wamo ndani ya kanuni hiyo. Hiki ndicho kifungu kinachouma, maana shemeji akija anadhani duka ni lako. Ila kina faida asiyoitegemea mtu: sasa una jibu la kumpa. "Mpaka dada akubali" ni jibu lisilovunja undugu.

Kila Jumamosi mhesabu bidhaa chache tu zinazotembea, saruji, nondo, mabati na rangi, si duka lote. Mkihesabu duka lote kila wiki mtachoka na kuacha kabla mwezi haujaisha. Na wekeni tarehe ya kuuangalia upya utaratibu huu, baada ya miezi mitatu hivi, ili usihisi umefungwa maisha na yeye asihisi amekuwa askari wako. Mambo yake nayo yaingie humo: fedha anayoahidi iwe na tarehe, na akishindwa aseme kabla tarehe haijafika.

Tukiandika haya, yanaweza kutumika dhidi yangu?

Ndiyo, yanaweza. Maandishi uliyokiri na kusaini ni ushahidi, na ujumbe wa simu pia unaweza kuwa ushahidi. Na kuwa mbia hakukukingi peke yake dhidi ya mashtaka ya wizi wa mali mnayomiliki pamoja. Kama kiasi ni kikubwa, au mwenzako ameshataja polisi, mwone wakili kabla ya kuandika chochote.

Kwa kiasi kama cha mfano wetu, ambapo wote bado wanaongea habari za kuendelea, maoni yangu ni kwamba kuandika kunakulinda zaidi ya kunavyokuweka hatarini. Karatasi inaonyesha deni ni kiasi gani, umelipa kiasi gani, na kwamba mwenzako alikubali utaratibu huo. Pasipo karatasi, 3,000,000 inaweza kukua mdomoni mwa watu. Kila awamu ukilipa, muisaini wote palepale.

Hatuna mkataba. Sheria inasemaje?

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ina sehemu inayohusu ubia, na inatumika pale ambapo ninyi wenyewe hamkukubaliana. Pasipo makubaliano mengine, wabia wanagawana faida na hasara sawa, kila mmoja ana haki ya kuona vitabu, na mbia anayefanya kazi dukani hana haki ya kudai mshahara kwa sababu tu anafanya kazi. Jambo la mwisho linawashtua wengi. Posho ya kijana inasimama kwa sababu walikubaliana, basi iandikwe. Makubaliano ya mdomo ni makubaliano, ila siku ya ugomvi kila mmoja anakumbuka ya kwake.

Jina la biashara BRELA ni langu peke yangu. Yeye si mkopeshaji tu?

Kusajili jina peke yako hakumfanyi mwenzako awe mkopeshaji. Kinachoangaliwa ni mlivyofanya: mmeweka mtaji pamoja, mnafanya biashara pamoja, mnagawana faida. Kama unatafuta imani yake irudi, kurekebisha usajili ili jina lake liwemo ni kitu anachoweza kukishika mkononi. Inafanyika kwenye mfumo wa BRELA wa mtandaoni, ORS. Ila fanya baada ya kukubaliana kuhusu deni, lisije likaonekana ni zawadi ya kumnyamazisha.

Akisema amesamehe lakini anataka kutoka?

Mruhusu. Kusamehe na kuendelea na biashara ni mambo mawili, na mtu anaweza kukupa la kwanza kwa moyo mweupe akakunyima la pili. Hesabuni upya mali yote kwa bei ya kununulia, ongezeni fedha zilizopo na madeni mnayodai ambayo mna hakika yatalipwa pamoja na lako, toeni mnayodaiwa, mgawane. Kama huna fedha za kumlipa nusu yake mara moja, pendekeza awamu na uache kitu cha dhamana. Kisha mwende pamoja kwa msambazaji mkamwambie kwa midomo yenu kwamba dada ametoka, na kwa tarehe gani. Msipofanya hivyo, msambazaji anaweza kuendelea kumdai yeye mzigo utakaouchukua wewe mwakani.

Nitajuaje kwamba imani inarudi?

Sikiliza maswali anayouliza. Mwanzoni yatakuwa ya jana: hii ilikwenda wapi, mbona hapa pamefutwa. Yajibu kila mara bila kuguna, hata kama umeshayajibu. Baadaye yataanza kuwa ya kesho: bei ya nondo imepandaje, tulete rangi gani, fundi wa Pasua analipa vizuri? Siku akijibu picha yako ya jioni kwa kukuuliza tuagize lini, mambo yanakwenda.

Kuna dalili mbaya pia. Akiacha kabisa kuangalia picha, akawa hahesabu Jumamosi na anakubali kila kitu, usifurahi haraka. Huenda amekata tamaa na anasubiri muda wa kutoka. Mpigie, mwambie: "Dada, Jumamosi naomba uje tuhesabu pamoja, nisingependa nihesabu peke yangu."